Kolistini: ugumu uko kwenye dozi

Jibu la maabara linaporudi na herufi R, yaani bakteria ni sugu, kwenye kila mstari wa antibayotiki, kuanzia seftriaksoni hadi meropenemu, mara nyingi jina moja ndilo hubaki mwisho wa orodha: kolistini. Bakteria aliyeoteshwa huwa ni Klebsiela, Pseudomonasi au Asinetobakta, na mgonjwa huwa kwenye chumba cha mahututi, pengine na mpira wa kupumulia kooni. Daktari anaandika kolistini. Tatizo linaanzia hapo, kwa sababu kuichagua dawa hii ni rahisi kuliko kujua umpe mgonjwa kiasi gani.

Dawa yenyewe si mpya. Ilipatikana Japani mwishoni mwa miaka ya 1940 kutoka kwa bakteria wa udongo, ikaanza kutumika hospitalini miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1970 madaktari wengi walikuwa wameiacha kwa sababu iliumiza figo na wakati huo kulikuwa na dawa nyingine za kukimbilia. Ilirudi pale karbapenemu, kundi la meropenemu, zilipoanza kushindwa. Kwa upande wetu, kimeng'enya cha NDM-1, kinachovunjavunja meropenemu na jamaa zake, kiliripotiwa mwaka 2011 katika Klebsiela kutoka Kenya. Shirika la Afya Duniani limeiweka kolistini kwenye kundi la antibayotiki za akiba.

Kurudi kwake kulikuja na mzigo. Dawa iliyosajiliwa miaka hiyo haikupimwa jinsi dawa za leo zinavyopimwa. Hakuna aliyekuwa amefuatilia kwa makini inavyopanda na kushuka katika damu ya mgonjwa mahututi. Dozi iliyoandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi ilirithiwa tu, na kwa miaka mingi wagonjwa walipewa kiasi ambacho sasa tunajua hakikutosha, au kilichopindukia, kutegemea walikuwa nchi gani na kichupa kilitoka kiwanda gani.

Kinachoingia mshipani si kinachoua bakteria

Kolistini halisi huua bakteria kwa kung'ang'ania ukuta wake wa nje. Ukuta huo umeshikwa pamoja na chembe za kalsiamu na magnesiamu. Kolistini huzisukuma chembe hizo pembeni, ukuta hulegea, vilivyomo ndani huvuja, na bakteria hufa. Lakini kilichomo kwenye kichupa cha sindano ni kolistimethati ya sodiamu, umbo la dawa ambalo halifanyi kazi mpaka mwili uligeuze taratibu kuwa kolistini.

Mambo mengi yanayochanganya watu kuhusu dawa hii yanatokana na jambo hilo moja. Kolistimethati ikishaingia kwenye damu ina njia mbili. Figo zenye nguvu huitoa haraka kwenye mkojo kabla haijageuka, kwa hiyo kwa mtu mwenye figo nzuri sehemu kubwa ya dozi hupotea na pengine robo yake tu ndiyo huwa kolistini. Kwa mtu mwenye figo dhaifu, kolistimethati hukaa muda mrefu kwenye damu na sehemu kubwa zaidi hugeuka. Kolistini yenyewe, ikishatokea, haitoki kwenye mkojo kwa urahisi. Figo huichuja kisha huinyonya tena na kuirudisha.

Matokeo yake ni kinyume cha mazoea. Kijana aliyepata ajali, ana figo nzima na anakojoa vizuri, ndiye mgumu zaidi kumfikishia dawa ya kutosha. Lengo linalokubalika ni wastani wa miligramu 2 za kolistini kwa kila lita ya damu. Kwa wagonjwa ambao figo zao zinasafisha zaidi ya mililita 80 kwa dakika, chini ya nusu yao hufikia kiwango hicho hata wakipewa dozi ya juu kabisa inayoruhusiwa. Na juu ya kiwango hicho hakuna nafasi ya kujitanua, kwa sababu kuanzia takribani miligramu 2.4 kwa lita uwezekano wa figo kuumia huongezeka waziwazi. Kiasi kinachohitajika kuua bakteria na kiasi kinachoumiza figo vimekaribiana mno. Sijui antibayotiki nyingine tunayoitumia kila mara yenye nafasi finyu kiasi hicho.

Mahali pamoja tu ambapo tabia hii inasaidia ni maambukizi ya kibofu. Kolistimethati inayomwagika kwenye mkojo hugeuka kolistini hukohuko kibofuni, ikawa nyingi mahali panapohitajika. Mapafuni hali ni tofauti. Dawa iliyopitia mshipani hufika kidogo kwenye majimaji ya mapafu, ndiyo sababu nimonia ya mgonjwa aliye kwenye mashine ndiyo inayoishinda dawa hii mara nyingi, na ndiyo sababu baadhi ya hospitali huongeza kolistini ya kuvuta kwa nebulaiza.

Ugeuzaji huo ni wa polepole, na hilo lina gharama yake. Utafiti wa Ugiriki uliochapishwa mwaka 2009 ulipima damu za wagonjwa mahututi waliokuwa wakipewa yuniti milioni 3 kila baada ya saa 8. Baada ya dozi ya kwanza, kolistini ilifika takribani miligramu 0.6 tu kwa lita. Ilichukua siku mbili hadi tatu kupanda mpaka kiwango kinachofaa. Mtu mwenye maambukizi ya damu hana siku mbili za kusubiri, na dawa kidogo kwa siku mbili huua bakteria dhaifu tu na kuwapa walio sugu nafasi ya kuzaliana. Tangu hapo, dozi kubwa ya kwanza imekuwa sehemu ya lazima ya matibabu.

Yuniti, miligramu, na miligramu nyingine

Kabla ya kufika kwa mgonjwa, tusimame kidogo kwenye lebo ya kichupa, kwa sababu hapa ndipo makosa mabaya zaidi hutokea.

Kuna njia tatu za kuandika kiasi kilekile. Vichupa vya Ulaya na nchi nyingi zinazofuata mtindo wake huandikwa kwa yuniti. Vya Marekani huandikwa kwa miligramu za kolistini, yaani kiasi cha dawa halisi iliyomo ndani ya kolistimethati. Vingine huandikwa kwa miligramu za kolistimethati yenyewe. Yuniti milioni 1 ni sawa na takribani miligramu 80 za kolistimethati, na hiyo hiyo ni sawa na takribani miligramu 33 za kolistini. Kwa hiyo ukiona "miligramu" bila kuelezwa ni miligramu za nini, hujaambiwa kitu.

Chukua dozi kubwa ya kwanza, ambayo ni yuniti milioni 9. Kwa hesabu ya kolistini ni miligramu 300, na kwa hesabu ya kolistimethati ni miligramu 720. Daktari aliyesoma mwongozo wa Marekani akiandika "miligramu 300", na muuguzi akachukua vichupa vya yuniti milioni 1 vilivyoandikwa miligramu 80, atahesabu vichupa visivyofika vinne. Mgonjwa atapata chini ya nusu ya anachohitaji na hakuna atakayegundua, maana karatasi inaonyesha amepewa miligramu 300. Kinyume chake ni hatari zaidi: "miligramu 720" zikivutwa kutoka kwenye vichupa vya Marekani vya miligramu 150, mgonjwa anapata mara mbili na nusu hivi ya dozi. Si la kufikirika hili. Mwaka 2011 tahadhari ya kitaifa ilitolewa Marekani baada ya mkanganyiko wa namna hiyo kumwangamiza mgonjwa figo na kuchangia kifo chake.

Kinga yake ni ndogo na haina gharama. Hospitali ichague namna moja ya kuandika, iwe yuniti, na neno "milioni" liandikwe kwa herufi badala ya sifuri sita mfululizo. Mfamasia akipokea oda ya miligramu airudishe kwa daktari kabla ya kutoa chochote. Na dawa ichanganywe pale inapokaribia kutumika, kwa sababu kolistimethati iliyokwisha kuyeyushwa huendelea kugeuka kolistini ndani ya dripu.

Mgonjwa mmoja, hesabu yake

Tuchukue mfano wa mzee wa miaka 62 mwenye uzito wa kilo 60, aliye kwenye mashine ya kupumulia, na Asinetobakta ameoteshwa kwenye damu yake. Meropenemu imeshindwa. Kreatinini yake, taka ya damu ambayo figo huitoa, ni miligramu 1.4 kwa desilita, ambayo kwa maabara zinazotumia mikromoli ni kama 124.

Kwanza tunakadiria figo zake zinasafisha kiasi gani. Tunatoa umri kutoka 140, tunazidisha kwa uzito, kisha tunagawanya kwa 72 mara kreatinini:

```
(140 - 62) x 60 / (72 x 1.4) = 46
```

Ni mililita 46 kwa dakika, kama nusu ya figo za mtu mzima mwenye afya. Wengi wakiona namba hiyo hupunguza dozi ya kwanza. Ni kosa. Dozi ya kwanza inajaza mwili na haitegemei figo, kwa hiyo mzee huyu anapata yuniti milioni 9 kamili, zikipita kwa dripu ndani ya nusu saa hadi saa moja.

Baada ya saa 12 zinaanza dozi za kuendeleza, na hapo ndipo figo huingia kwenye hesabu. Mwongozo wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2019 unawapa walio kati ya mililita 40 na 50 jumla ya yuniti milioni 6.65 kwa siku. Tukigawa mara mbili, mzee wetu anapata takribani milioni 3.3 kila baada ya saa 12. Angekuwa na figo za zaidi ya mililita 90, jumla ingekuwa karibu milioni 11 kwa siku.

Siku ya tano kreatinini inapanda hadi 2.3. Imeongezeka kwa zaidi ya mara moja na nusu, kwa hiyo kwa vigezo vinavyotumika duniani figo zake zimeumia, daraja la kwanza. Hesabu ileile sasa inatoa mililita 28, na hata hiyo inampendelea, kwa sababu kreatinini inayoendelea kupanda huwa nyuma ya hali halisi. Dozi mpya kwa kiwango hicho ni yuniti milioni 5.3 kwa siku. Angalia vizuri: figo zimepoteza karibu asilimia 40 ya kazi yake, lakini dozi imeshuka kwa asilimia 20 tu. Sababu tumeiona: figo zikidhoofika kolistimethati hupotea kidogo, nyingi hugeuka, lakini mwili bado unahitaji kulishwa dawa. Anayekata dozi nusu kwa hofu anaweza kumwacha mgonjwa na figo mbovu na bakteria hai.

Ikiwa figo zitazima kabisa na mgonjwa akawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu mfululizo, mambo hugeuka tena. Bila mashine, mtu asiye na figo anahitaji kama yuniti milioni 4 kwa siku. Akiwa kwenye mashine saa zote 24, anahitaji zaidi ya milioni 13, kuliko hata mtu mwenye figo nzima. Mashine inaichuja kolistini kama figo inavyoichuja, ila haina uwezo wa kuinyonya na kuirudisha.

Figo inaumiaje

Unyonyaji huo ndio unaoiponza figo. Seli za mwanzo wa mirija ya figo zina milango inayookoa protini ndogondogo zisipotee kwenye mkojo, na kolistini hupita milango hiyohiyo. Inarundikana ndani ya seli kwa wingi unaoshinda ule wa kwenye damu, inaharibu vinu vya nishati vya seli, na seli hufa. Zikifa za kutosha, mrija hauwezi kazi yake.

Tafiti hutofautiana, lakini nyingi zinakuta kati ya mgonjwa mmoja kwa watano na mmoja kwa wawili akipata tatizo la figo, kwa kawaida ndani ya wiki ya kwanza. Kwa wengi figo hurudi baada ya dawa kusimamishwa. Hilo ni faraja pale ambapo mgonjwa ana mashine ya kumvusha, na ni faraja ndogo sana pale ambapo hakuna.

Ninachokiona kikisahaulika zaidi ni kile kinachopewa pamoja na kolistini. Gentamisini na amikasini hushambulia seli zilezile. Vankomisini, ambayo mara nyingi iliandikwa siku ya kwanza kabla majibu hayajatoka, huendelea kudondoka siku ya sita bila mtu kuuliza kama bado inahitajika. Diklofenaki ya maumivu hupunguza damu inayofika kwenye figo, na upungufu wa maji hufanya vivyo hivyo. Siku kolistini inapoanza, karatasi ya dawa ipitiwe mstari kwa mstari na kila kinachoweza kuondoka kiondoke. Kreatinini ipimwe kila siku, au angalau kila baada ya siku mbili, na mkojo upimwe kwa mililita. Ganzi ya midomo na vidole, au udhaifu wa misuli ya kupumua kwa mgonjwa asiye kwenye mashine, ni dalili kwamba mishipa ya fahamu nayo imeguswa.

Je, dawa ya pili inasaidia?

Kwenye maabara, kuichanganya kolistini na dawa nyingine kunavutia. Kolistini inatoboa ukuta, dawa ya pili inapita kwenye tundu. Pia ndani ya kundi moja la Asinetobakta huwa kuna wachache walio sugu waliojificha, na kolistini ikiwaua wengine wachache hao hujaza nafasi ndani ya siku moja. Dawa ya pili ingewazuia. Ndiyo maana kwa miaka mingi meropenemu iliongezwa juu ya kolistini hata pale maabara ilipokwisha kusema meropenemu haifanyi kazi.

Wazo hilo lilipimwa kwa wagonjwa 406 nchini Israeli, Ugiriki na Italia, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018. Nusu walipewa kolistini peke yake, nusu kolistini na meropenemu. Waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 43 upande mmoja na asilimia 45 upande mwingine. Hakuna tofauti. Jaribio jingine kubwa la baadaye liliuliza swali hilohilo na halikupata tofauti ya kutegemewa. Rifampisini nayo ilijaribiwa Italia dhidi ya Asinetobakta: iliwafagia bakteria kwa wagonjwa wengi zaidi, lakini vifo havikupungua.

Ni lazima kusoma matokeo haya kwa uangalifu. Wengi wa wagonjwa wa jaribio la 2018 walikuwa na Asinetobakta aliyeishinda meropenemu kwa mbali, na dawa iliyokwisha kushindwa kiasi hicho haifufuki kwa kuwekwa pamoja na nyingine. Hilo halithibitishi kwamba kila mchanganyiko ni bure. Miongozo ya sasa inakubaliana kwamba, kwa maambukizi makali, kolistini iambatane na dawa ya pili ambayo maabara imeonyesha bado inamuua bakteria huyo. Kwa Asinetobakta, pale ambapo dawa mpya zaidi hazipatikani, inapendelea msingi uwe ampisilini na salbaktamu kwa dozi kubwa, kwa kuwa salbaktamu yenyewe humdhuru bakteria huyo. Polimiksini, yaani kundi la kolistini, au tijesaiklini hufuata kama nyongeza. Na dawa ya pili isiwe gentamisini ikiwa kuna nyingine, kwa sababu za figo tulizozitaja.

Maabara nayo ina mtego wake. Kidonge cha karatasi kinachowekwa kwenye sahani ya kuoteshea hakifai kupima kolistini, kwa sababu molekuli yake ni kubwa na haisambai vizuri kwenye jeli, kwa hiyo aliye sugu anaweza kuonekana hana usugu. Kipimo cha kuaminika ni cha kuizimua dawa kwenye mchuzi wa kuoteshea. Marekani, taasisi inayoweka viwango vya vipimo ilifuta mwaka 2020 neno "inafaa" kwenye majibu ya kolistini. Jibu zuri kuliko yote sasa ni "wastani", kwa maana kwamba hata bakteria anayekufa kwenye chupa huenda asife ndani ya mgonjwa. Aidha Proteusi na Serasia ni sugu kwa maumbile, na kwao kolistini haina kazi hata kama hakuna aliyeipima.

Kwa Klebsiela mwenye NDM, mahali ambapo seftazidimu-avibaktamu pamoja na aztreonamu zinapatikana, hizo ndizo za kuanza nazo. Kwa Asinetobakta, salbaktamu-durlobaktamu ilipambanishwa na kolistini katika jaribio lililochapishwa mwaka 2023, na walioumia figo walikuwa asilimia 13 dhidi ya 38. Mahali ambapo dawa hizo hazipo kwenye rafu, swali la kwanza kwa famasi ni kama kuna polimiksini B. Hiyo huingia mshipani ikiwa tayari ni dawa kamili, haina safari ya kugeuzwa, dozi yake haibadilishwi kwa sababu ya figo, na inaonekana kuziumiza kidogo kuliko kolistini. Haifai tu kwa maambukizi ya mkojo, kwa kuwa ni kidogo sana kinachofika huko.